Malipo yamekwenda, mfumo unasema bado

"Nimelipia ada ya maombi kwa M-Pesa tangu juzi, lakini kila nikiingia naona Payment Pending na siwezi kwenda hatua inayofuata. Niwaandikie nini watu wa msaada?"

Ndugu, kwanza usilipe mara ya pili. Mara nyingi hela imefika, ila taarifa ya malipo haijaungana na ombi lako, na wao ndio wa kuiunganisha kwa mkono. Kwa hiyo wape namba za kutafutia. Habari za usumbufu ulioupata ziache. Kwenye kichwa cha barua pepe weka namba ya ombi na tatizo, kisha:

"Habari. Ombi namba … Nililipa sh. … tarehe … saa …, kwa namba ya malipo …. Muamala wa M-Pesa ni …. Mpaka leo saa … mfumo unaonyesha Payment Pending. Naomba muoanishe malipo ili niendelee. Picha mbili nimeambatanisha."

Picha ya kwanza ni ukurasa wenye kosa: usiikate, anwani ya tovuti juu na saa vionekane. Ya pili ni SMS ya malipo, ila salio lako lifiche. Hakikisha namba ya malipo kwenye SMS inafanana na ya kwenye ukurasa. Ukikuta ulikosea hata tarakimu moja, huenda hela imekwenda kwa bili nyingine, na hapo sema hivyo wazi. Nywila na OTP usitume, hata wakiomba.

Wakichelewa, jibu kwenye barua ileile. Ukifungua tiketi mpya huenda ukaanza foleni upya.