Tasnifu imejificha wapi?

"Jamani, nilisevu tasnifu wiki iliyopita, sasa siioni. Ina picha nyingi, na jina nakumbuka lina 'sura' tu. Natumia Windows 11."

Pole ndugu. Fungua File Explorer, uingie This PC kwanza, maana utafutaji hauvuki folda uliyomo. Kisanduku cha juu kulia andika:

```
*sura*.docx datemodified:last week size:>2MB
```

Nyota inashika nafasi ya herufi zozote, hivyo hata "Tasnifu_sura3_mpya" litatokea. Ukubwa unachuja rasimu zisizo na picha. Patupu? Futa sharti la size, halafu la tarehe: kama ulilifungua jana ukasevu tena, tarehe imeshahama. Likionekana, bofya kitufe cha kulia, chagua Open file location.