Hati ya zamani inapogoma kufunga kwenye ramani

Kabla ya kuchora chochote kwenye QGIS, huwa naingiza vipimo vya hati ya kiwanja kwenye jedwali la hesabu. Hapo naona kama mstari wa mwisho unarudi kwenye jiwe la kuanzia.

Hati moja niliyoishughulikia ilikuwa na pande nne, vipimo kwa cheni. Cheni hiyo ni mita 20.1168, nayo ina linki 100. Nakala iliyochapwa upya ilisema: Kaskazini 20° Mashariki, cheni 5; Kusini 75° Mashariki, cheni 6; Kusini 10° Mashariki, cheni 4.50, Kaskazini 79°10′ Magharibi, cheni 6.85.

Geuza kila mwelekeo uwe azimuthi, yaani pembe inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa: 20, 105, 170 na 280.8333. Dakika zigawe kwa 60. 79°10′ si 79.10. Kisha, azimuthi ikiwa B2 na urefu kwa mita ukiwa C2:

```
=C2*SIN(RADIANS(B2))
=C2*COS(RADIANS(B2))
```

Ya kwanza ni mwendo wa kwenda mashariki, ya pili wa kwenda kaskazini. Jumla ya kila safu ingepaswa kukaribia sifuri. Ya kaskazini ilitoa sentimita 3 tu, lakini ya mashariki ilitoa mita 31.37.

Usikimbilie kusambaza pengo hilo kwenye pande zote, litazame kwanza. Pengo la mashariki tupu huashiria kwamba Mashariki na Magharibi zimebadilishana kwenye upande mmoja, na mwendo wa upande huo huwa takriban nusu ya pengo. Nusu ni 15.68, na upande wa tatu una 15.72. Nilipofungua hati yenyewe, iliandikwa Kusini 10° Magharibi. Kwa azimuthi ya 190, pengo lilishuka hadi sentimita 8 kwenye mzunguko wa mita 450 hivi, jambo la kawaida kwa vipimo vilivyokadiriwa kwa linki. Pengo likilala sambamba na upande mmoja, basi shuku urefu wa upande huo.

Ila kufunga hakuthibitishi kila kitu. Kidirisha cha Advanced Digitizing cha QGIS huhesabu pembe kuanzia mashariki, kinyume cha saa. Ukiandika azimuthi humo kama ilivyo, kiwanja kitafunga vizuri huku kimegeuka kama kwenye kioo. Andika 90 ukitoa azimuthi, na hakikisha mradi unatumia mfumo wa mita, si EPSG:4326 unaotumia digrii.

Mwelekeo wa dira nao hufunga vilevile, ila kiwanja kizima huwa kimezunguka. Ukipata mawe mawili ya mpaka yaliyopimwa upya, zungusha umbo hadi upande unaoyaunganisha ulale juu yake. Usipoyapata, tumia tofauti ya sumaku, yaani pembe kati ya kaskazini halisi na kaskazini ya sumaku, ya mwaka wa upimaji, si ya leo, kwa sababu kaskazini ya sumaku huhama.