Pesa imekatwa, mashine haikutoa

"Nimetoa 10,000 kwa ATM ya benki nyingine hapo Likoni. Hela haikutoka, mesiji ya kukatwa ikaja. Niwafuate wenye mashine?"

La, dada. Anzia benki iliyokupa kadi, ndiyo yenye akaunti yako. Wapo wanaosema pesa hurudi yenyewe, nao wamepata nusu: mashine ikijua noti hazikutoka hutuma ujumbe wa kufuta muamala, lakini mtandao ukikatika hapo katikati, ujumbe haufiki.

Jaza fomu ya malalamiko, uandike tarehe, saa, kiasi na mahali mashine ilipo, kisha udai namba ya kumbukumbu. Benki yako itawaandikia wenye mashine. Wao husoma rekodi zake na kuhesabu noti zilizobaki. Kukiwa na 10,000 za ziada, dai lako limesimama.

Ugumu huja rekodi zikionyesha noti zilitolewa na hakuna ziada. Hapo omba picha za kamera, tena mapema, maana hufutwa kupisha mpya. Huenda mtu alichukua noti hizo ulipoondoka.