Jina la kwenye kibali na jina la getini

"Bango la machimbo lina jina moja, kibali cha mazingira kina jingine. Nani anawajibika kwa vumbi?"

Kwanza ni yule aliyeandikwa kama mwenye kibali, kwa jina lake kamili na namba ya usajili, kwa kuwa bango mara nyingi huonyesha jina la biashara tu, au la mkandarasi anayelipua miamba. Mchangiaji mmoja hapa alisema kwamba kibali hufuata machimbo yakiuzwa, naye yuko sahihi kwa sehemu: zikiuzwa hisa za kampuni yenye kibali, mwenye kibali habadiliki, yakiuzwa machimbo yenyewe, kwa kawaida mamlaka huhitajika kuidhinisha uhamisho. Linganisha namba ya usajili ya mwenye kibali na ya mwendeshaji wa sasa, kwani majina hubadilishwa, na zikitofautiana uombe hati ya uhamisho. Isipokuwepo, huenda mwendeshaji mpya anachimba bila kibali.