Barua ya Maombi ya Kazi Ukiwa na Miaka Hamsini na Zaidi: Acha Kazi ya Karibuni Izungumze

Kwa muda mrefu nimefanya kazi ya kusimamia maghala, na sehemu ya kazi hiyo imekuwa kusoma barua za watu wanaoomba nafasi ya utunzaji au usimamizi wa ghala. Mimi mwenyewe sasa nimo katika miaka ya hamsini, na barua yangu ya karibuni kabisa ya maombi, ambayo ndiyo iliyonipatia kazi niliyo nayo, niliiandika nikiwa tayari nimeufikia umri huo. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa hiyo kutoka pande zote mbili za meza, na yananigusa, kwa sababu nimeona watu hodari wakiachwa nje ya orodha ya usaili kwa barua ambazo hazikuonyesha hata nusu ya kile wanachokifanya kila siku.

Barua za watu wa rika letu huwa na mwanzo unaofanana. Baada ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu", mwombaji hueleza kwamba ni mwanamume mwenye umri wa miaka 54, mwenye familia, afya njema na uzoefu wa zaidi ya miaka 28, kisha huongeza kwamba bado ana nguvu na ari ya kufanya kazi chini ya mazingira yoyote. Kila neno hapo linaweza kuwa kweli, lakini msomaji hapati namna ya kulithibitisha. Neno "bado" ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa linajibu shaka ambayo msomaji huenda hakuwa nayo, na linaileta shaka hiyo mezani katika sentensi ya pili ya barua. Kama tangazo halikudai umri wala hali ya ndoa, mambo hayo hayana nafasi katika barua. Umri haufichwi, maana wasifu wako una tarehe, ila barua ina ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo una kazi nyingine ya kufanya.

Anayesoma barua ya mtu mwenye miaka zaidi ya hamsini hujiuliza maswali ambayo hatayatamka katika usaili: je, mtu huyu anaendelea kujifunza au aliacha siku alipopanda cheo, na je, atakubali kuelekezwa na msimamizi aliye na umri wa mwanawe? Maswali hayo hayajibiwi kwa sifa. Sentensi isemayo "mimi ni mwepesi wa kujifunza teknolojia mpya" ameiandika kila mwombaji, kijana na mzee, na jicho la msomaji huipita bila kusimama. Jibu linaloaminika ni jambo ulilolianzisha au kulibadilisha katika miaka miwili au mitatu iliyopita, likiwa na mwezi, chombo ulichotumia, na kile kilichobadilika baada yake.

Nitaeleza barua ya mwenzangu mmoja ambaye aliniomba niipitie kabla hajaituma. Alikuwa mtunza ghala mwandamizi, akiomba nafasi ya msimamizi wa ghala katika kampuni ya vipuri. Aya yake kuu ilisomeka hivi: "Nina uzoefu wa miaka 26 katika utunzaji wa ghala, kuanzia upokeaji, uhifadhi hadi utoaji wa bidhaa. Ninao ujuzi wa kompyuta ikiwemo Word, Excel na Intaneti. Ni mchapakazi, mwaminifu, na ninaweza kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuchoka."

Nilimwomba aweke barua kando anieleze alichokuwa akikifanya kazini wiki ile. Akaanza kusimulia kwamba ghala lao lina aina 1,200 hivi za bidhaa, na kwamba zamani walikuwa wakihesabu mali yote mara moja kwa mwaka, ghala likiwa limefungwa, na kila mwaka wakigundua tofauti ambazo hakuna aliyeweza kueleza zilitokea lini. Yeye ndiye aliyependekeza waanze kuhesabu sehemu ndogo kila siku. Alitenga aina 120 zilizobeba sehemu kubwa ya thamani ya ghala, akapanga zihesabiwe aina 6 kila asubuhi kabla ya utoaji kuanza, hivi kwamba katika siku 20 za kazi zote zinakuwa zimepitiwa. Bidhaa za thamani ya kati huhesabiwa kila robo mwaka, na zile ndogondogo mara moja kwa mwaka. Hesabu zinaingizwa kwa skana ya msimbopau, na yeye huvuta taarifa kutoka kwenye mfumo hadi Excel na kuzilinganisha kwa fomula ya `XLOOKUP`, ili tofauti ijitokeze asubuhi ile ile. Matumizi ya skana alifundishwa na karani kijana aliyeajiriwa karibuni, naye akamfundisha karani huyo jinsi ya kufuatilia tofauti kupitia hati za mapokezi.

Hayo yote hayakuwa ndani ya barua. Aliyaona ni kazi ya kawaida, na hilo ndilo tatizo kubwa la watu wenye uzoefu mrefu: tunadhani barua inataka mambo makubwa na ya zamani, vyeo na idadi ya miaka, huku ushahidi wenyewe wa nguvu ukiwa katika kazi ya mwezi uliopita.

Tuliiandika upya aya ile, nayo ikawa hivi: "Tangu Machi 2024 ninaongoza utaratibu wa kuhesabu bidhaa kila siku katika ghala lenye aina 1,200 za bidhaa, utaratibu nilioupendekeza kuchukua nafasi ya hesabu moja ya mwisho wa mwaka. Timu yangu ya watu watatu huhesabu bidhaa 6 za thamani kubwa kila asubuhi kwa skana ya msimbopau, nami huzilinganisha na kumbukumbu za mfumo kwa Excel kabla ya utoaji kuanza. Utaratibu ulipoanza, aina 89 kati ya 100 zilizohesabiwa zililingana na kumbukumbu; miezi tisa baadaye zilikuwa 97. Matumizi ya skana nilijifunza kutoka kwa karani wetu mpya, ambaye leo anaendesha hesabu hizo siku ninapokuwa sipo."

Hakuna mahali palipotajwa nguvu, ari wala wepesi wa kujifunza, lakini msomaji anamwona mtu anayefika mapema, anayeanzisha jambo bila kuagizwa, na anayekubali kufundishwa na mdogo wake. Sentensi ya mwisho ilijibu swali la msimamizi kijana bila kulitaja. Ningeiondoa kama ingekuwa ya kutunga, kwa sababu jambo la aina hiyo huulizwa katika usaili, na asiyelifanya hugundulika kwa swali la pili.

Miaka 26 nayo haikutupwa. Tuliihamishia katika aya iliyofuata, kwa sentensi moja iliyoeleza inachosaidia: kwamba amepitia mabadiliko ya kumbukumbu kutoka leja za mkono hadi mifumo miwili tofauti ya kompyuta, na kwa hiyo anajua makosa yanayotokea wakati kumbukumbu zinapohamishwa, kama vile kipuri kimoja kuingizwa kwa namba mbili, au kipimo cha katoni kuchanganywa na kipimo cha kipande. Tangazo lilikuwa limetaja kwamba kampuni inajiandaa kubadilisha mfumo wake. Uzoefu mrefu ukiunganishwa na shida ambayo mwajiri anayo sasa, hugeuka kuwa kitu anachokihitaji. Ukiachwa kama idadi ya miaka, humkumbusha umri tu.

Kuhusu ujuzi wa kompyuta, ningependa kuwa mkali kidogo. Kuandika "Word, Excel na Intaneti" humzeesha mwombaji kuliko tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sababu hiyo ni orodha ya wakati ambapo kujua vitu hivyo kulikuwa sifa ya pekee. Taja chombo pale tu unapotaja kazi uliyoifanya kwacho, na kitaje kwa kiwango chako halisi. Kama umezoea fomula ya zamani zaidi ya `VLOOKUP` na inakutosha, andika hiyo, wala usidai kingine ili uonekane wa kisasa. Wapo waajiri wa kazi kama hizi wanaoweka faili mbele ya mwombaji na kumtaka atafute tofauti zilizomo. Ukiwa umesoma kozi fupi, itaje pamoja na ulichokifanya nayo kazini. Kozi iliyokamilishwa wiki mbili kabla ya tangazo, bila kazi yoyote iliyofanywa kwayo, huonekana kama kitu kilichotafutwa kwa ajili ya barua.

Kuna jaribio ninalolitumia kwa kila rasimu, yangu na za wengine. Pitia barua ukipigia mstari kila sentensi ambayo ungeweza kuiandika vilevile miaka kumi iliyopita. Kama mistari imejaa zaidi ya nusu ya ukurasa, barua inaeleza mtu uliyekuwa, hata kama kila kilichomo ni kweli. Katika barua ya kwanza ya mwenzangu, mistari iliifunika aya yote. Katika ya pili, ilibaki sentensi ya salamu, ile ya uzoefu wa zamani, na ya kufunga.

Jaribio hili lina mpaka wake. Kama miaka mitatu ya karibuni umekuwa nje ya ajira, au kazi yako haikubadilika kabisa, usijaribu kuifanya ionekane tofauti. Tafuta kazi ndogo iliyo ya kweli na yenye tarehe: kumbukumbu za mali za kikundi chenu ulizozipanga upya kwenye kompyuta, au hesabu za duka la ndugu yako unazozifunga kila mwisho wa mwezi. Mambo hayo ni madogo, lakini yanaonyesha mikono inayofanya kazi mwaka huu. Pia zipo ofisi ambazo zimekwisha kuamua kwamba zinataka kijana, na hakuna aya itakayozigeuza. Nimeshiriki katika vikao ambako jambo hilo lilionekana wazi, nami nilisikitika.

Aya ya kufunga iwe fupi. Eleza utaweza kuanza lini, kwa mfano baada ya notisi ya mwezi mmoja, na taja kitu kimoja utakachokuja nacho. Mwenzangu aliandika kwamba yuko tayari kuonyesha jedwali analotumia kulinganisha hesabu za kila asubuhi, likiwa limeondolewa majina na bei za mwajiri wake. Aliitwa kwenye usaili, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa juu ya jedwali hilo: walimwuliza anafanyaje tofauti inapojitokeza siku tatu mfululizo kwenye bidhaa ile ile, naye akawaeleza jinsi anavyoanzia kwenye hati ya mwisho ya mapokezi na kurudi nyuma hadi siku ambayo hesabu ya rafu na ya mfumo zililingana.