Mpe kitendo cha kufanya

"Nikimwambia mwigizaji 'kasirika zaidi' anapiga kelele tu. Nimsemee mstari mwenyewe aige?"

Usimsemee, ndugu. Ataiga mdundo wa sauti yako na kuacha kumsikiliza mwenzake. Mpe jambo la kumfanyia huyo mwenzake. Tuseme mnashuti kwenye ploti Kayole, dada anamdai kaka yake pesa za kodi. Kati ya teki, yaani kabla hamjarekodi tena, msogelee dada umnong'oneze: "Mwaibishe mpaka ashindwe kukutazama." Kaka akiinamisha macho, dada amefaulu, asipoinamisha, itabidi ambane zaidi, na hasira itakuja yenyewe. Ikibaki kelele, badilisha kitendo: "Mbembeleze." Agizo moja tu kwa kila teki, tafadhali. Na kaka asijue ulichomwambia dada, ili kimpate akiwa hajajiandaa.