Maswali na majibu: Mshtakiwa asiyeijua lugha ya mahakama

Shemeji yangu anajua maneno ya kusalimiana na ya kazini tu. Siku ya kwanza hakimu alimuuliza, "Unanielewa?" Akajibu "Ndiyo," kesi ikaendelea bila mkalimani. Ndiyo basi tena?

Hapana. Mtu mwenye hofu kizimbani huitikia "ndiyo" kwa kila anachoulizwa, na swali la namna hiyo halipimi chochote. Wakili wake aombe aulizwe jambo linalomlazimu kujieleza: umeshtakiwa kwa kosa gani, lilitendeka lini, wewe unasemaje? Akishindwa kulieleza shitaka kwa maneno yake katika lugha hiyo, hali yake imeshajulikana.

Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inampa mkalimani mshtakiwa asiyeielewa au asiyeweza kuizungumza lugha inayotumika mahakamani, awe raia au mgeni. Ila haki hiyo haimruhusu mtu kuchagua lugha aipendayo. Mwaka 1990 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilimkatalia Mfaransa aliyetaka kujitetea kwa Kibretoni, kwa sababu Kifaransa alikuwa anakijua vya kutosha. Kwa hiyo msiseme tu kwamba lugha yake ya nyumbani ni nyingine. Onyesheni kwamba hawezi kujitetea kwa hii ya mahakama.

Mkalimani hakutokea. Wakili wetu anasema tusiahirishe, mimi kaka wa mshtakiwa nitamsaidia. Nikubali?

Ningekuwa wewe, nisingekubali. Iko kesi inayofanana mno na yenu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2002. Mwitaliano mmoja aliyekuwa akiendesha mgahawa Uingereza alishtakiwa kwa udanganyifu wa kodi, akakiri. Jaji alikuwa ameshaambiwa kwamba Kiingereza chake ni kibovu, na akaagiza mkalimani awepo siku ya kusomewa adhabu. Siku ikafika, mkalimani hayupo. Wakili akasema watajikongoja hivyo hivyo. Jaji akauliza kama yupo mtu anayezijua lugha zote mbili, akaambiwa kaka wa mshtakiwa yumo ukumbini. Shauri likaendelea, na kaka huyo hakuombwa kutafsiri hata sentensi moja. Mshtakiwa akatoka na kifungo cha miaka minne.

Uingereza ilijitetea kwamba kosa lilikuwa la wakili. Mahakama ya Ulaya haikukubali, ikasema mlinzi wa mwisho wa haki katika shauri ni jaji mwenyewe. Alitakiwa ajiridhishe, tena kwa kumuuliza mshtakiwa, badala ya kutegemea ndugu ambaye uwezo wake haukupimwa na yeyote. Haki ilionekana kuvunjwa.

Mwambieni wakili aombe ahirisho, na ombi liandikwe kwenye mwenendo wa kesi pamoja na sababu yake. Likikataliwa, kukataliwa nako kuandikwe. Mahakama ya rufaa husoma kilichoandikwa; malalamiko mliyonong'onezana kwenye benchi haitayakuta.

Mkalimani tunaye, lakini shahidi huongea dakika nzima, yeye anamwambia mwanangu sentensi moja. Nifanyeje?

Huyo anafupisha, na kazi yake ni kutafsiri kila kinachosemwa. Ziko dalili nyingine: anasema "anadai kwamba alikwenda" badala ya "nilikwenda" kama alivyotamka shahidi, anabishana pembeni na mshtakiwa, au majibu ya mwanao hayaendani na maswali. Angalia pia kama mkalimani aliapishwa. Wakati mwingine tatizo ni lahaja: lugha kwa jina ni moja, ila wawili hao hawasikilizani.

Wakili asimame pale pale, asingoje hukumu. Ataje sentensi iliyorukwa, aombe irudiwe kwa ukamilifu, na ikibidi mkalimani abadilishwe. Pingamizi linaloibuka kwenye rufaa kwa mara ya kwanza hupata shida, maana majaji huuliza kwa nini mlinyamaza. Kama kesi inarekodiwa kwa sauti, ombeni rekodi itunzwe, kwani maandishi mara nyingi hubeba maneno ya mkalimani tu na aliyoyasema mshtakiwa kwa lugha yake hayamo.

Tukishindwa kesi, watatudai malipo ya mkalimani?

Mkataba niliotaja unasema "bila malipo", na haujali kama mshtakiwa ni tajiri au maskini. Ujerumani iliwahi kuwadai gharama za ukalimani watu waliokwisha kutiwa hatiani, na mwaka 1978 Mahakama ya Ulaya ikasema bure maana yake ni bure moja kwa moja, si mkopo wa kulipwa baada ya hukumu.

Na makaratasi yote ya ushahidi, watayatafsiri?

Si yote. Shitaka lazima alielewe kwa lugha anayoijua, ila nyaraka nyingine zinaweza kusomwa na wakili kisha azielezwe kupitia mkalimani. Ombeni tafsiri ya maandishi kwa zile zinazombana hasa, kwa mfano maelezo yanayodaiwa aliyatoa polisi na kuyatia saini.